Fistula ya Mkononi kwa Anayesafishwa Damu: Namna ya Kuikagua Kila Siku na Kutambua Dalili za Hatari

Katika kitengo cha kuwasafisha damu kwa mashine wagonjwa wa figo, ninakofanya kazi ya uuguzi, hapiti mgonjwa mpya bila kuniuliza maswali yale yale: kwa nini mkono wangu unatetemeka, je, naweza kuulalia, na kwa nini nimekatazwa kupimwa presha upande huu? Maswali hayo hayanichoshi. Linaloniuma ni lile linalokuja likiwa limechelewa: "Nesi, tangu juzi usiku siusikii mtetemo, nikasema nitakueleza siku ya zamu yangu." Anayesema hivyo mara nyingi hurudi kuwekewa mrija wa shingoni, na fistula iliyomchukua miezi kukomaa inakuwa imekwisha kufa. Mwongozo huu ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya mke, mume au mtoto anayeishi naye.

Kwanza niondoe hofu moja. Kwetu neno fistula limezoeleka kwa lile tatizo la wanawake linalotokana na uzazi pingamizi, na nimeona ndugu wakishtuka wanapoambiwa kwamba baba yao atatengenezewa fistula. Mambo haya mawili hayahusiani. Fistula ya mkononi ni njia ambayo daktari wa upasuaji huitengeneza kwa makusudi, kwa kuunganisha ateri, yaani mshipa unaoleta damu kwa nguvu kutoka kwenye moyo, na vena, yaani mshipa unaoirudisha. Mbinu hii ilitangazwa mwaka 1966 na madaktari Brescia na Cimino pamoja na wenzao huko New York. Vena inapopokea damu yenye nguvu hupanuka na ukuta wake huwa mnene, na hapo ndipo inapoweza kuchomwa sindano mbili nene kila zamu na kuipa mashine damu ya kutosha, ambayo kwa kawaida ni mililita 300 hadi 400 kila dakika.

Fistula hufa hasa kwa damu kuganda ndani yake. Lakini damu haigandi bila sababu: mara nyingi mshipa huwa umeanza kufinyika mahali fulani kwa kovu linalokua ndani yake, na kufinyika huko huchukua wiki au miezi, ilhali kuganda kwenyewe huchukua saa chache tu. Katika wiki hizo mkono hutoa dalili ambazo mwenye nao anaweza kuziona, kuzigusa na kuzisikia bila kifaa chochote.

Vitu vya kuwa navyo

Tafuta daftari dogo na kalamu. Andika kwenye ukurasa wa kwanza namba ya simu ya kitengo chako na namba ya kupiga usiku au siku ya mapumziko, maana kitengo kikifungwa jioni lazima ujue mapema ni hospitali gani utakwenda. Uwe na sabuni ya kawaida ya kipande au ya maji, na saa ya ukutani au ya simu kwa ajili ya kuhesabu dakika. Stetoskopu inasaidia, ila si lazima. Mwisho, weka kwenye mfuko mmoja mdogo gozi safi, plasta, na kifuniko cha plastiki cha chupa ya maji kilichooshwa na kukaushwa; kazi ya kifuniko hicho nitaieleza chini. Mfuko huo ukae mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua, na ukisafiri uende nao.

Hatua za kufuata

1. Ijue fistula yako ikiwa nzima.

Siku ambayo muuguzi au daktari amekuambia kwamba fistula inafanya kazi vizuri, mwombe akushike vidole na kukuonyesha mambo matatu: kovu la upasuaji ambapo mishipa iliungwa, upande ambao damu inaelekea, na mtetemo unaishia wapi ukipanda nao mkono. Yaandike. Kwa mfano: "Mtetemo una nguvu kwenye kovu la kifundo, unapungua taratibu, unaishia vidole vinne chini ya kiwiko." Sentensi hiyo moja ndiyo kipimo utakacholinganisha nacho kila siku, kwa kuwa mikono haifanani na mtetemo wa jirani yako wa kitanda si kipimo chako.

Kama umetoka tu kufanyiwa upasuaji, anza kukagua mtetemo siku hiyo hiyo, lakini usitegemee kuchomwa sindano mapema. Fistula nyingi huhitaji wiki 6 hadi 12 kukomaa, na nyingine zaidi. Madaktari hutafuta mshipa wenye upana wa takriban milimita 6, usiozama zaidi ya milimita 6 chini ya ngozi, na unaopitisha angalau mililita 600 za damu kwa dakika. Siku za mwanzo uweke mkono juu ya mto ili uvimbe upungue, na uendelee kukunja na kukunjua vidole. Zoezi la kuminya mpira laini lisubiri hadi daktari akuruhusu, mara nyingi baada ya kidonda kupona. Ikiwa wiki 6 zimepita na mshipa hauonekani wala hausikiki ukigusa, omba uchunguzwe, kwa maana fistula isiyokomaa mara nyingi ina kasoro inayoweza kurekebishwa.

2. Tazama.

Kila asubuhi, penye mwanga, linganisha mkono huo na mwenzake. Tazama wekundu, na kwa ngozi nyeusi tazama weusi uliozidi au mng'ao usiokuwepo. Tazama uvimbe, usaha, vipele na vigaga kwenye matundu ya sindano. Kigaga cha kawaida ni kidogo na huwa kimekauka kabla ya zamu inayofuata. Kigaga kinachokua, kinacholowa au kisichopona kinahitaji kuonyeshwa siku hiyo. Usikibandue kwa kucha.

3. Gusa.

Nawa mikono, kisha weka ncha za vidole vitatu vya mkono mwingine juu ya kovu bila kukandamiza. Unatakiwa kuhisi mtetemo unaoendelea, kama ule unaouhisi ukiweka kiganja ubavuni mwa friji inayounguruma. Panda nao polepole hadi pale ulipoandika kwamba unaishia.

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, kwa hiyo nitakawia kidogo. Mtetemo na mdundo ni vitu viwili. Mtetemo hauna mapumziko: huongezeka moyo unapopiga na kupungua kidogo, lakini haukatiki. Mdundo hugonga kidole, huacha, halafu hugonga tena, kama jipu lililoiva. Mgonjwa akisema "inapiga kwa nguvu sana siku hizi" kwa furaha, mimi huinuka kwenda kumkagua, kwa sababu mtetemo uliogeuka kuwa mdundo mkali mara nyingi humaanisha kwamba damu imekutana na kizuizi mbele yake na sasa inausukuma ukuta wa mshipa badala ya kupita.

4. Sikiliza.

Weka stetoskopu juu ya fistula, au inua mkono uuweke karibu na sikio mahali penye utulivu. Mvumo mzuri ni mnene na haukatiki, kama upepo unaovuma ukiongezeka na kupungua. Sauti inayokuwa nyembamba kama mluzi, au inayosikika kwa vipande vyenye ukimya katikati, iandikwe na itolewe taarifa.

5. Inua mkono.

Kipimo hiki huchukua nusu dakika. Kaa au lala, nyoosha mkono na uuinue juu kuliko moyo. Mshipa uliokuwa umejaa unatakiwa kulegea na kunywea, kwa sababu damu inateremka kurudi moyoni bila kizuizi. Ikiwa unabaki umevimba na mgumu vile vile, au sehemu moja inanywea na nyingine inabaki imejaa, inawezekana njia imefinyika pale sehemu hizo mbili zinapokutana au mbele yake. Fistula za juu ya kiwiko na zile zenye nundu za zamani huenda zisinywee kabisa hata zikiwa nzima. Kinachotafutwa ni badiliko kutoka kwenye hali uliyoizoea.

Fanya hatua ya 2 na ya 5 mara moja kwa siku, na hatua ya 3 asubuhi na usiku kabla ya kulala. Siku ya kusafishwa damu ongeza ukaguzi mmoja ukishafika nyumbani, kwa sababu presha iliyoshuka baada ya mashine kutoa maji mengi ni miongoni mwa sababu kubwa za damu kuganda kwenye fistula.

6. Siku ya zamu, osha mkono kabla ya sindano.

Osha fistula yote kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha ikaushe kwa kitu safi. Muuguzi atapaka dawa yake, lakini dawa hiyo haifanyi kazi vizuri juu ya jasho na mafuta ya kujipaka. Baada ya hapo usiiguse wala kukohoa juu yake. Uliza pia sindano zinachomwa wapi. Isipokuwa kama kitengo chako kinatumia kwa makusudi tundu moja la kudumu kwa utaratibu wake maalumu, sindano zinatakiwa kuhamishwa zamu kwa zamu, zikipanda na kushuka kwenye mshipa. Wagonjwa wengi huomba wachomwe pale pale kwa sababu pamekwisha kufa ganzi. Naielewa sababu hiyo, lakini ngozi ya hapo hudhoofika, mshipa hutuna nundu, na nundu hiyo ndiyo huja kupasuka.

7. Sindano ikitolewa, kandamiza na uhesabu.

Kandamiza kwa vidole viwili juu ya gozi, kwa dakika 10 hadi 15, bila kuchungulia katikati. Nguvu iwe ya kuzuia damu isitoke, si ya kuziba mshipa: ukigusa juu kidogo au chini ya unapokandamiza, mtetemo lazima uwepo bado. Andika kwenye daftari ilichukua dakika ngapi kukauka. Plasta isizungushwe mkono mzima kwa kukaza, na bandeji uliyoenda nayo nyumbani itolewe baada ya saa chache, usilale nayo.

8. Ulinde mkono muda wote.

Usikubali upimwe presha, utolewe damu au uwekewe dripu kwenye mkono huo, hata na daktari usiyemjua katika hospitali ya mbali. Andika jambo hilo kwenye karatasi ikae pamoja na kitambulisho chako, kwa kuwa siku ya ajali au kuzimia hutaweza kusema. Usivae saa, bangili zinazobana, shanga au kamba yoyote juu yake, usiulalie, wala usiutundikie mfuko wa sokoni au ndoo kwenye kiwiko. Chale, chuku na hijama zisifanyike kwenye mkono huo kabisa. Kazi nyingine za kawaida, kama kupika, kuandika na kufua nguo nyepesi, zinaruhusiwa.

Mfano wa mwalimu mstaafu

Mgonjwa wetu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa na fistula juu ya kiwiko kwa karibu miaka miwili. Aliandika daftari lake kwa mwandiko wa ubaoni. Kwa miezi mingi safu ya dakika za kukauka ilisomeka 10, 10, 12, 10. Kisha ikaanza kusomeka 15, halafu 20, na zamu mbili zilizofuata 25 na 35. Dozi yake ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine, haikuwa imebadilishwa. Aliniambia, "Nesi, hesabu hii inapanda, na mkono nikiuinua siku hizi hauteremki."

Nilipomgusa, karibu na kovu palikuwa na mdundo mkali, na mtetemo ulisikika tena juu zaidi, karibu na bega, ukiwa mwembamba. Mashine nayo ilikuwa ikionyesha shinikizo la damu inayorudi likipanda zamu hadi zamu, ingawa sindano zilikaa vizuri. Mambo haya yote yalieleza jambo moja: damu iliingia kwenye fistula bila shida, lakini ilikawia kutoka, hivyo shinikizo likajaa nyuma ya kizuizi na kuyafanya matundu ya sindano yavuje kwa muda mrefu. Alipimwa kwa ultrasaundi, wakakuta mshipa umefinyika karibu na bega, na siku chache baadaye ukapanuliwa kwa puto dogo linaloingizwa ndani ya mshipa. Zamu iliyofuata aliandika 12.

Sina budi kusema kwamba mshipa uliopanuliwa unaweza kufinyika tena, na kwake ulifinyika tena baadaye. Alijua cha kutazama, akaja mapema.

Makosa ninayokutana nayo mara kwa mara

Kosa kubwa ni kuchua. Mkono ukiuma au ukivimba, nyumbani huwa tayari kuna maji ya moto, mafuta na mtu mwenye mikono mizito. Kuchua fistula yenye damu iliyoganda kunaweza kulisukuma bonge la damu, na kuchua penye maambukizi hueneza uchafu. Kosa la pili ni kungoja zamu. Kosa la tatu, ambalo huwapata wagonjwa makini, ni kuifunga fistula kwa kitambaa ili isionekane. Ukitaka kuificha, vaa nguo ya mikono mipana.

Ukikuta tatizo, fanya hivi

Mtetemo haupo. Gusa tena kwa utulivu pale kwenye kovu, kisha sikiliza. Kama mtetemo haupo na mvumo haupo, au umebaki mdundo tu kwenye kovu na juu yake mshipa umekuwa mgumu kama kamba, piga simu na uondoke nyumbani saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Kadiri damu iliyoganda inavyokaa ndivyo inavyokuwa vigumu kuitoa, na siku moja au mbili zinaweza kuamua kama fistula itaokolewa. Waeleze uliusikia mtetemo mara ya mwisho saa ngapi.

Damu inachuruzika nyumbani kwenye tundu la sindano. Kandamiza kwa kidole juu ya gozi dakika 15 kamili. Ikikoma, toa taarifa kabla ya zamu. Ikiendelea, nenda hospitali huku ukikandamiza.

Damu inaruka au inamwagika kwa kasi. Hii ni hatari ya maisha, na dakika ni chache. Bonyeza kwa nguvu tundu lenyewe kwa kidole, lala chini, inua mkono, na mwenzako aite msaada. Ukishindwa kupazuia kwa kidole, weka kile kifuniko cha chupa juu ya tundu, upande wenye uwazi ukielekea kwenye ngozi, ukibonyeze kwa nguvu na usikiondoe. Usirundike taulo au kanga, kwa sababu nguo nene hunyonya damu bila kuizuia na huficha kiasi kinachopotea. Usifunge kamba juu ya mkono ukaacha tundu bila kubonyezwa.

Nundu yenye ngozi iliyong'aa na kuwa nyembamba, inayokua haraka, au yenye kigaga kisichopona. Nenda siku hiyo hiyo hata kama haiumi. Ikiwa imewahi kuvuja damu kidogo yenyewe, ichukulie kama dharura, kwa kuwa uvujaji mdogo huweza kutangulia ule mkubwa.

Wekundu, joto, maumivu, usaha, au homa na kutetemeka kwa baridi. Usijinunulie dawa za vidonge duka la dawa. Maambukizi ya fistula huingia kwenye damu moja kwa moja, na vipimo vya damu vinatakiwa kuchukuliwa kabla ya dawa kuanza.

Mkono wote umevimba, wakati mwingine pamoja na bega au uso. Huenda mshipa mkubwa wa kifuani umefinyika, hasa kwa aliyewahi kuwekewa mrija wa shingoni upande huo. Toa taarifa usingojee.

Vidole ni vya baridi, vimefifia rangi, vinakufa ganzi au vinauma, hasa ukiwa kwenye mashine. Huenda fistula inachukua damu nyingi mno, na inayobaki kwa kiganja haitoshi. Ubaridi kidogo usio na maumivu unaweza kufuatiliwa na kiganja kuvishwa soksi ya mkono isiyobana. Lakini maumivu ya kudumu, vidonda kwenye ncha za vidole, au kiganja kinachopoteza nguvu baada ya upasuaji vinahitaji daktari wa upasuaji upesi.

Mkono umevimba na kuwa na rangi ya zambarau baada ya sindano kutoboa mshipa hadi upande wa pili. Siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 10 kisha upumzishe, na hakikisha mtetemo upo. Kuanzia siku ya pili unaweza kuweka kitambaa chenye uvuguvugu, bila kuchua. Mweleze muuguzi kabla ya zamu inayofuata ili sindano ichomwe mbali na uvimbe huo, au mkono upumzishwe.